Kabla ya Kuchagua Jina la Drili, Iangalie Lenta

Nyumba nyingi za tofali za saruji, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, zina mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango. Mafundi wanauita lenta. Umemwagwa juu ya nondo ili ubebe uzito wa ukuta ulio juu ya dirisha, na ukishakomaa unakuwa mgumu kuliko tofali lolote lililo chini yake. Hapo hapo, sentimita chache juu ya fremu, ndipo bomba la pazia linapotakiwa kufungwa.

Maana yake ni kwamba kazi ya kwanza inayomfanya mtu anunue drili mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote atakazofanya nayo ndani ya nyumba. Rafu ya vyombo, kioo cha bafuni na picha ya harusi vyote vinakaa kwenye tofali, na tofali la saruji halisumbui sana. Pazia linataka zege. Picha za kwenye maboksi hazikuoneshi hilo. Zinakuonesha bwana anayetabasamu huku akitoboa ubao mweupe.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili aliyehamia Tabata, alinunua drili ya betri ya volti 12, nyepesi, yenye mota ya kisasa isiyotumia kaboni. Ilikuwa mashine nzuri, wala hakuuziwa feki. Alifunga nayo kabati lote la watoto bila kutoa jasho. Alipofika dirishani, biti iliingia milimita kama 15 kwa raha, kisha ikagoma. Akasukuma, biti ikazunguka pale pale na kuanza kupiga mluzi, na ncha yake ikawa ya buluu kwa moto. Zile milimita 15 zilikuwa plasta. Lenta yenyewe haikuguswa. Fundi aliyeitwa baadaye alimwambia, "Dada, hii ni ya mbao. Hapa unataka inayogonga."

Kila anayeingia duka la vifaa huuliza kwanza ni kampuni ipi nzuri: Bosch, Makita, DeWalt, Stanley, Ingco au Total. Swali hilo ningeliweka mwisho. Kampuni hizi zote zinatengeneza drili ambazo zingeshindwa kwenye lenta ya Tabata, na karibu zote zinatengeneza nyingine ambazo zingeitoboa bila shida. Jina lililo ubavuni halikwambii uliyoshika ni ipi. Mdomo wake unakwambia, pamoja na kile kilicho nyuma ya mdomo huo.

Drili ya kawaida ya kugonga, ile yenye alama ya nyundo kwenye swichi, ina sahani mbili za chuma zenye meno, zinazotazamana ndani ya kichwa. Unaposukuma, meno yanapanda na kushuka juu ya mengine, na biti inatetemeka mbele na nyuma. Ikiwa mota inazunguka mara 2,800 kwa dakika, mapigo yanazidi 40,000 kwa dakika hiyo hiyo. Ni mengi, lakini kila moja ni dogo sana, na nguvu yake inatoka begani kwako. Ukilegeza mkono, kugonga kunaisha. Kwenye tofali la saruji inatosha kabisa. Kwenye lenta inafika, ila kwa subira: unasukuma, unatoa biti ili vumbi litoke, unarudia.

Ya pili ni ile ya SDS-plus, mtindo wa mdomo ulioletwa na Bosch mwaka 1975. Hii haina meno yanayosuguana. Ndani kuna pistoni inayobana hewa, na hewa hiyo inarusha kinyundo kinachopiga kitako cha biti. Mapigo yanapungua hadi 4,000 au 5,000 hivi kwa dakika, lakini kila moja lina uzito. Huhitaji kusukuma kwa nguvu, unaishika tu na kuielekeza. Tundu la milimita 6 kwenye lenta, ambalo drili ya kwanza ingekupa kwa nusu dakika ya kutoa jasho, hii inakupa kwa sekunde chache.

Hapo ndipo mdomo unapoingia katika hesabu. Mdomo wa drili ya kawaida una taya tatu zinazobana biti yoyote ya duara hadi milimita 13, au hadi milimita 10 kwa drili nyingi ndogo za betri. Mdomo wa SDS-plus hauna taya. Una tundu la milimita 10 lenye vijigololi ndani, na unapokea biti zake tu, zenye mifereji kwenye kitako. Biti hiyo haibanwi. Inacheza mbele na nyuma kwa makusudi, ili pigo la kinyundo lipite moja kwa moja hadi kwenye ncha bila kutikisa mashine nzima. Biti ya kawaida ya mbao au ya chuma haiingii humo. Kuna kichwa cha kuongezea chenye taya tatu, na wauzaji wanapenda kukitoa kama zawadi, lakini kinafanya biti iyumbe na tundu la bawaba linakuwa pana kuliko skrubu. Ukikitumia, hakikisha umezima kugonga, maana taya zake hazikuumbwa kupigwa nyundo.

Kwa nyumba ya kawaida yenye madirisha machache, mimi ningechukua ya kwanza: drili ya kugonga ya waya, wati kati ya 600 na 750, mdomo wa milimita 13. SDS-plus ningempa anayejenga bado, au anayeishi kwenye ghorofa ambalo kuta zenyewe ni za zege kutoka sakafu hadi dari.

Kuhusu mdomo wa taya tatu kuna jambo moja zaidi. Siku hizi wengi wanataka ule unaokazwa kwa mkono, kwa sababu ule wa ufunguo unaonekana wa kizamani na ufunguo wenyewe hupotea. Kwa mbao wako sahihi. Kwa kugonga, mdomo wa mkono wa bei nafuu, wenye ganda la plastiki, hulegea kwa mtetemo. Biti inaanza kuzunguka ndani ya taya, kitako chake kinachubuka, na baada ya hapo haishikiki vizuri tena. Wa ufunguo unashika. Una matundu matatu pembeni, na unapaswa kukaza kwa zamu kwenye yote matatu. Watu hukaza kwenye moja tu, kisha wanalaumu mashine. Ufunguo ufunge kwenye waya kwa kamba, karibu na plagi, ili usiweze kuufikia kabla hujachomoa umeme.

Sasa mota, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Mota ya zamani ina kaboni mbili, vijiti vidogo vyeusi vinavyosukumwa na springi vigusane na sehemu inayozunguka na kupeleka umeme ndani yake. Kaboni zinasuguliwa, zinatoa cheche, zinaisha. Mota mpya isiyo na kaboni ina sumaku kwenye sehemu inayozunguka, na bodi ndogo ya kielektroniki inabadilisha umeme kwenye nyaya za pembeni. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi. Inapoteza umeme kidogo kwa joto, kwa hiyo betri inadumu zaidi kwa chaji moja, na mashine inakuwa fupi mkononi. Hayo yote ni kweli, na kwa fundi anayetoboa kutwa nzima tofauti yake ni kubwa.

Lakini fanya hesabu ya nyumba yako. Dirisha moja lenye bomba la pazia la breketi tatu, kila breketi skrubu mbili, ni matundu 6. Ukipewa nusu dakika kwa kila tundu, mota imezunguka dakika 3. Nyumba ya madirisha sita ni dakika 18. Ongeza rafu, kioo, breketi ya televisheni na ukarimu wa kumwazima shemeji, mwaka mzima haujafika saa 2. Kaboni za drili yoyote ya maana zinadumu saa nyingi kuliko hizo. Kulipia mota isiyo na kaboni ili "idumu", kwa matumizi ya saa 2 kwa mwaka, ni kununua uhai ambao hutautumia.

Na ikiharibika? Kaboni zikiisha utajua. Cheche zinakuwa kubwa na zinazunguka duara zima badala ya kubaki pale kaboni inapogusa, nguvu inapungua, au mashine inagoma kuwaka mpaka uigonge kidogo. Unafungua vifuniko viwili pembeni au skrubu za ganda, unatoa kaboni zote mbili, unaweka mpya mbili. Usibadilishe moja. Bodi ya ile mota ya kisasa ikiungua, bei yake mara nyingi inakaribia ya mashine nzima, na fundi wa mtaani hana la kufanya zaidi ya kukupa pole.

Kwa hiyo hapa jina la kampuni linaanza kuwa na maana, ila si kwa sababu ya sifa. Ulizia kaboni zake kabla ya kununua. Makita, kwa mfano, huzipa kaboni zake namba zinazoanza na herufi CB, na kwa namba hiyo unapata saizi sahihi. Kwa Ingco au Total mwambie muuzaji akuoneshe kaboni za mashine hiyo hiyo unayoishika. Akizitoa kwenye droo, umepata jibu. Akikwambia "hizi haziharibiki, mzee", umepata jibu pia.

Kinachoua drili za nyumbani hasa ni joto, kabla hata kaboni hazijachoka. Feni inayopoza mota imefungwa kwenye mhimili ule ule unaozunguka. Ukilazimisha biti butu kwenye zege, mzunguko unapungua na feni inapungua nao, huku umeme unaopita kwenye nyaya ukiongezeka. Harufu ya vanishi inayoungua ndiyo onyo. Usizime papo hapo ukaiweka chini. Toa biti ukutani, iache izunguke tupu kwa kasi kubwa kwa dakika moja ili feni itoe joto nje, ndipo uipumzishe.

Betri ndiyo sehemu yenye ujanja mwingi kuliko zote. Kwanza volti. Betri ya lithiamu ya drili imeundwa kwa seli zenye wastani wa volti 3.6 kila moja. Seli 5 zikifuatana ni volti 18. Zikiwa zimetoka tu kwenye chaji zinapanda hadi 20 na kidogo. Kwa sababu hiyo Makita anaandika 18V, Ingco na Total wanaandika 20V, na DeWalt anaandika 20V MAX Marekani na 18V XR Ulaya kwa betri ya aina ile ile. Wanahesabu seli zile zile. Vivyo hivyo betri ya "12V" ni seli 3, ambazo wastani wake ni 10.8.

Kisha kuna zile zinazouzwa barabarani zimeandikwa 48VF, 88VF, hata 128VF. Usibishane na muuzaji. Geuza chaja, usome kinachotoka, si kinachoingia. Chaja ikisema inatoa volti 21, ndani kuna seli 5, na hiyo ni drili ya 18V kama nyingine. Betri ya volti 48 ya kweli ingehitaji seli 13 mfululizo, isingekuwa na ukubwa wa ngumi.

Pili, kuingiliana. Betri ya Makita haiingii kwenye Bosch, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata ndani ya jina moja kuna kuta. Bosch za kijani, zinazolenga watumiaji wa nyumbani, na Bosch za buluu za mafundi zote zina betri za 18V, lakini betri ya kijani haikai kwenye mashine ya buluu. Makita ana familia ya LXT ya 18V na familia nyingine ya bei nafuu, pia ya 18V, ambayo betri yake ina herufi G mwishoni mwa namba. Hizo mbili haziazimani. Ryobi ni mfano wa kinyume: umbo la betri yake ya ONE+ limebaki lile lile tangu 1996. Kwa Ingco na Total utaona maandishi P20S kwenye mashine zao za volti 20. Lengo la maandishi hayo ni betri moja kwa vifaa vingi vya kampuni husika. Usichukulie kwamba herufi kufanana kunatosha kuvusha betri kutoka kampuni moja hadi nyingine. Chomeka dukani uone inavyokaa, na uiwashe.

Kwa nini ujali, ikiwa unanunua drili moja tu? Kwa sababu betri na chaja vikinunuliwa peke yake huweza kukaribia bei ya mashine tupu, na kwa mtumiaji wa nyumbani betri ndiyo itakayokufa kwanza. Seli za lithiamu zinazeeka hata zikiwa kabatini. Adui yao mkubwa ni kulala zikiwa tupu. Umemaliza mapazia, betri imebaki na taa moja, umeiweka ndani ya boksi juu ya kabati chini ya bati la moto. Baada ya miezi kadhaa volti imeshuka chini ya kiwango ambacho chaja inakubali, na taa nyekundu inawaka bila kuchaji. Mashine ni nzima, betri ni maiti. Iache na chaji ya nusu, mahali penye ubaridi, ikiwa nje ya mashine, na uichaji kidogo kila baada ya miezi michache.

Drili ya waya haina habari hizi. Inaweza kukaa miaka miwili kwenye mfuko wa salfeti, ukaichomeka, ikafanya kazi. Udhaifu wake unajulikana na kila anayenunua LUKU: umeme ukikatika, kazi imesimama.

Kwa hiyo betri ninaishauri kwa mtu wa namna moja hasa, yule ambaye tayari ana au atakuwa na kifaa kingine cha familia hiyo hiyo, iwe msumeno, pampu ya upepo au mashine ya kukata majani. Hapo anachagua betri kwanza, drili baadaye, na anaweza kununua mashine tupu bila chaja. Achukue ya volti 18 yenye alama ya nyundo. Ya volti 12 imfae mwenye kazi za mbao na skrubu tu.

Wenye ndugu nje wawe macho. Drili ya waya iliyotumwa kutoka Muscat au Dubai itafanya kazi bila tatizo, kwa kuwa umeme wa huko ni kama wetu na hata plagi ya pini tatu ni ile ile. Ya Marekani ni ya volti 120 na itaungua ukiichomeka moja kwa moja. Ya betri kutoka Marekani ina afueni: mashine na betri ni salama, chaja ndiyo ya 120, kwa hiyo tafuta chaja ya 230 ya familia hiyo hapa. Na kwenye mitumba ya Uingereza, drili yenye plagi nene ya njano ni ya volti 110, iliyotengenezwa kwa sheria za usalama za maeneo yao ya ujenzi. Bei yake huvutia kwa sababu hiyo.

Ukiwa dukani, omba biti nyembamba na nyoofu, kama ya milimita 4, ikazwe, kisha washa polepole na utazame ncha. Ikichora duara hewani badala ya kusimama nukta moja, mdomo au mhimili umepinda, weka pembeni uombe nyingine. Bonyeza swichi kidogo kidogo uone kama mwendo unapanda taratibu, kwa sababu bila hivyo utashindwa kuanza tundu kwenye vigae. Jaribu kurudisha nyuma. Cheche ndogo za buluu kwenye matundu ya hewa ni za kawaida kwa mota mpya ya kaboni, usishtuke.

Nyumbani, yule mama wa Tabata aliazima drili ya waya ya wati 650, mdomo wa ufunguo, jina la kawaida kabisa. Alitia biti ya zege ya milimita 6, akafunga utepe kwenye biti sentimita 5 kutoka nchani. Urefu huo una sababu. Plasta ya milimita 15 haishikilii kitu, kwa hiyo plagi ya milimita 30 lazima ivuke yote na kuzama ndani ya zege. Alianza bila kugonga hadi biti ipate pa kukaa, kisha akaweka alama ya nyundo na kuutumia mshikio wa pembeni. Vumbi lilitoka jeupe, baadaye la kijivu. Tundu la nne lilisimama ghafla na vumbi likaacha kutoka, na ncha ya biti ikaonesha chembe zinazong'aa. Hiyo ni nondo. Biti ya zege haikati chuma, na kuendelea kungeiua. Alisogeza breketi sentimita 3 pembeni, akaziba tundu la zamani kwa saruji kidogo.

Biti aliyotumia ilikuwa mpya, ya bei mara kadhaa ya zile zinazouzwa kwa pakiti ya tano. Zile za pakiti zina kipande cha kabaidi kilichounganishwa vibaya nchani, na joto la lenta moja hukitoa. Baada ya hapo ni chuma kinachosugua jiwe, na utadhani tatizo ni drili.